UZI: Springi yenye x kipeo cha tatu, nimekwama kwenye sahihisho la kwanza

neema_wa_tatu:
Habari za jioni wakuu. Niko mwaka wa tatu uhandisi na nina swali limenikalisha toka jana usiku. Springi siyo ya kawaida kabisa, ina kajisehemu kadogo ka x kipeo cha tatu, ekwesheni ikishasafishwa iko hivi:

x'' + x + εx³ = 0, x(0) = 1, x'(0) = 0

ε ni ndogo. Swali linasema tumia patabesheni ya kawaida upate sahihisho la kwanza, basi. Nimeandika x = x₀ + εx₁, nikapata x₀ = cos t bila shida, hapo niko sawa. Kwa x₁ nimepata

x₁'' + x₁ = −cos³t

Nikaivunja ile kyubu, cos³t = (3cos t + cos 3t)/4, nayo nadhani iko sawa. Sasa kasheshe inaanzia hapa, sehemu ya cos 3t imetoka vizuri ila ya cos t nikiweka A cos t upande wa kushoto inajifuta yote nabaki na 0 = −3/4. Nimerudia mara nne naona zilezile. Nilichokosea ni nini jamani?

kaka_hesabu:
Dada Neema hujakosea kitu, hiyo inaitwa risonansi. Cos t tayari ni jibu la upande wa kushoto kwa hiyo huwezi kuitumia tena, unazidisha na t. Jaribu B t sin t. Ukidifrensheti mara mbili utaona (t sin t)'' + t sin t = 2cos t, basi 2B = −3/4 na B = −3/8.

Ila sasa jibu litakuwa na t sin t ambayo inakua milele, maana yake springi inatikisika zaidi na zaidi mpaka inakatika. Ndo risonansi yenyewe hiyo. Mwalimu wenu anataka mlione hilo.

neema_wa_tatu:
Asante kaka, imetoka! Kwa hiyo nina

x₁ = (1/32)cos 3t − (3/8) t sin t + C cos t + D sin t

Nikaweka x₁(0) = 1 nikapata C = 31/32 na D = 0. Iko sawa eeh? Na hiyo ya kukatika mbona kwenye swali hakuna anayeisukuma springi?

Mzee_wa_Mawimbi:
Neema mwanangu, hilo swali lako la mwisho ndilo zuri kuliko yote, nitalirudia. Kwanza tumalize hesabu maana kuna kosa kwenye C.

Umeipa x₁ sharti la mwanzo la x nzima. Hebu weka t = 0 kwenye jibu lako lote: x₀ inatoa 1, εx₁ inatoa ε, jumla 1 + ε. Lakini springi uliivuta mpaka 1 ukaiachia, siyo mpaka 1 na kidogo. Hiyo 1 yote imeshabebwa na x₀, sahihisho lianze na sifuri: x₁(0) = 0 na x₁'(0) = 0. Basi C = −1/32, D = 0, na jibu ni

x ≈ cos t + ε[ (cos 3t − cos t)/32 − (3/8) t sin t ]

Mtihani ukisema sahihisho la kwanza kwa patabesheni ya kawaida, jibu ndilo hilo. Jenga tabia ya kuweka t = 0 kila ukimaliza, kosa hili linakamatwa kwa sekunde tano na ndilo nililoliona kwa wanafunzi kuliko lingine lolote.

Sasa kukatika. Kaka_hesabu njia aliyokupa ya t sin t ni sahihi kabisa ila maana aliyoipa siyo. Zidisha ekwesheni ya mwanzo na x' halafu fanya intigro, unapata

(1/2)x'² + (1/2)x² + (ε/4)x⁴ = kiasi kisichobadilika

Hiyo ni nishati. Hakuna msuguano, hakuna msukumo, nishati imekaa palepale toka ulipoiachia. Ulipoiachia ilikuwa imesimama kwenye x = 1, kwa hiyo haiwezi kuvuka 1 hata siku moja, ingekuwa na nishati isiyotoka popote. Kwa ε chanya kila temu hapo ni chanya, hakuna pa kujificha. Springi halisi inakwenda kati ya 1 na −1 na kurudi, milele, kwa mdundo uleule. Anayekua ni t sin t yetu sisi kwenye karatasi.

kaka_hesabu:
Mzee nimekuelewa kwenye nishati, hapo sina ubishi. Lakini kama hiyo temu ni ya uongo basi si tuifute? Tubaki na cos t + (ε/32)(cos 3t − cos t), haikui, nishati haivunjiki, kila mtu anafurahi.

Mzee_wa_Mawimbi:
Ukiifuta x₁ yako haitimizi tena ekwesheni yake. Upande wa kulia kuna −(3/4)cos t na sasa hakuna wa kuilipa. Unakuwa umetupa sehemu kubwa ukabakiza ndogo, angalia namba, 3/8 dhidi ya 1/32, moja ni mara kumi na mbili ya nyingine hata kabla t haijaizidisha.

Siyo temu ya uongo. Inasema ukweli, ila kwa lugha isiyofaa safari ndefu. Subirini nitoke kwenye daladala niandike vizuri.

fundi_pampu:
Wakuu samahani naingilia. Mimi ni fundi, tuna pampu ya maji imekaa juu ya raba nne, ikifika spidi fulani inatetemeka vibaya mno mpaka nati zinalegea, ukipita hapo inatulia. Sasa hii ndo hiyo risonansi ya kipeo cha tatu mnayoongelea? Nikibadilisha raba ziwe ngumu itaisha?

Mzee_wa_Mawimbi:
Fundi karibu sana, ila lako ni jingine. Kwako mota inasukuma kila mzunguko, nishati inaingia toka nje, na spidi ya mota ikilingana na mdundo wa asili wa pampu juu ya raba zake ndipo inapoanza kuruka. Hiyo ipo hata kama raba ingekuwa na nguvu ya x tupu bila kipeo cha tatu chochote. Hapa kwa Neema hakuna mota, springi imevutwa ikaachiwa. Raba ngumu zitausogeza mdundo wa asili juu, kwa hiyo tatizo litahamia kwenye spidi kubwa zaidi, inategemea spidi unayoendeshea kila siku iko wapi. Kabla ya kununua chochote angalia kama impela imebalansiwa. Fungua uzi wako tutakuja.

Ila chunguza kitu kimoja ukipata nafasi, uniambie. Panda na spidi pole pole uandike spidi inaporuka zaidi, halafu shuka nayo pole pole uandike tena spidi inaporuka zaidi. Kama spidi hizo mbili hazilingani, basi huenda raba zako zina hiyo kyubu na yenyewe inafanya kazi. Georg Duffing aliandika kitabu kizima mwaka 1918 kuhusu mitetemo ya kusukumwa ya namna hiyo, ndo maana ekwesheni ya Neema huku duniani wanaiita ya Duffing.

mtu_wa_Thika:
Sasa wadau, mimi nimeamua kuweka namba ndio tuache kubishana hewani. Nimechukua ε = 0.1 nikaipa kompyuta isolvu ekwesheni yenyewe bila kukata chochote, halafu nikaweka kando formula ya Neema. Ukiwa na Python jaribu:

```python
import numpy as np
from scipy.integrate import solve_ivp

e = 0.1
f = lambda t, y: [y[1], -y[0] - e*y[0]**3]
t = np.array([1, 5, 10, 61.26])
s = solve_ivp(f, (0, 62), [1, 0], t_eval=t, rtol=1e-10, atol=1e-12)
r = np.cos(t) + e*((np.cos(3*t) - np.cos(t))/32 - 3*t*np.sin(t)/8)
print(np.c_[t, s.y[0], r])
```

Kwa t = 5, cos t peke yake inasema 0.284, formula yenye sahihisho inasema 0.460, ukweli ni 0.450. Yaani sahihisho limefanya kazi kubwa hapo, limetutoa mbali sana likatuleta mlangoni. Kwa t = 10 cos t inasema −0.84, sahihisho −0.63, ukweli −0.58. Bado inasaidia ila imeanza kuteleza. Halafu tazama t = 61.26, nimeichagua makusudi sababu sin t hapo ni −1, formula inatoa 2.30! Springi halisi iko kama 0.775 na mzee ameshatuonyesha haiwezi kupita 1.

Kwa hivyo kaka_hesabu, ukiifuta ile temu unapoteza hiyo 0.450 uliyokaribia. Ukiiacha unapata 2.30. Ni noma pande zote mbili.

neema_wa_tatu:
Nimeirun kwangu na mimi, namba zinafanana. Sasa nachanganyikiwa zaidi, formula moja inawezaje kuwa nzuri hapa na mbovu pale? ε ni ileile 0.1.

Mzee_wa_Mawimbi:
Nimefika nyumbani. Neema, ε ni ileile lakini inayoamua siyo ε peke yake, ni ε ikizidishwa na t. Angalia temu yenyewe, ε × (3/8) × t. Sisi tulianza kwa kusema kila kinachozidishwa na ε ni kidogo, ni nyongeza tu juu ya cos t. t ikiwa 1, sawa. t ikifika 10 na ε ni 0.1, hiyo εt imeshakuwa 1, nyongeza siyo nyongeza tena. Kwa hiyo formula ni ya kuaminika t ikiwa ndogo mno kuliko 1/ε. Kwenye namba za mtu_wa_Thika mpaka huo ni 10, na ndipo alipoiona inaanza kuteleza.

Sasa ukweli uliofichwa ndani ya t sin t. Fikiria saa ya ukutani inayokimbia kidogo, kila siku inatangulia dakika mbili. Saa haijaharibika, mshale unazunguka vizuri, haurefuki wala haufupiki, ila kila siku uko mbele zaidi ya saa sahihi. Ukiziangalia saa mbili hizi asubuhi ya kwanza tofauti ni dakika mbili, baada ya mwezi ni saa nzima. Tofauti inakua na siku ingawa hakuna saa hata moja inayokua.

Springi yetu ndiyo hiyo saa. Ile x³ inaifanya iwe ngumu zaidi ikivutwa mbali, kwa hiyo inarudi haraka kuliko springi ya kawaida. Tuseme mdundo wake siyo 1 bali 1 + εw, basi mwendo halisi ni karibu cos((1 + εw)t). Sasa mtu akulazimishe uiandike hii kama cos t + ε × kitu fulani. Utafanya nini? Utaikunjua:

cos(t + εwt) ≈ cos t − εwt sin t

Umeiona? Weka w = 3/8 unapata temu yetu barabara. Ile t sin t ilikuwa inajaribu kutuambia kwamba mdundo umepanda kuwa 1 + (3/8)ε, ila tulishaifunga mdomo tulipoandika x₀ = cos t yenye mdundo 1 usiobadilika. Kitu pekee ilichoweza kufanya ni kuiongezea cos t tofauti inayokua na muda, kama yule anayetaja tofauti ya saa mbili kwa dakika bila kuruhusiwa kusema saa moja inakimbia.

kaka_hesabu:
Aisee. Hapo nimeona. Nilikuwa naiona ile temu kama takataka ya hesabu kumbe ndiyo yenye habari yote. Na hiyo (cos 3t − cos t)/32 inafanya nini?

Mzee_wa_Mawimbi:
Hiyo ni umbo la wimbi tu, inalibana kidogo, na ukubwa wake haupiti ε/16. Kwa ε = 0.1 ni kama 0.006. Huioni kwa jicho.

mtu_wa_Thika:
Nimejaribu sasa hivi cos(1.0375 t) peke yake, hata bila hiyo ya 32. Kwa t = 10 inatoa −0.58, na kwa t = 61.26 inatoa kama 0.75 badala ya 0.775. Kalamu moja tu na imeishinda formula yote ndefu. Kwa hivyo mbona wasifundishe hii moja kwa moja?

Mzee_wa_Mawimbi:
Wanafundisha, ni sura inayofuata. Astronomia ndiko walikoumia kwanza, hesabu za sayari zilikuwa zinatoa temu za t zinazokua hivi hivi na mtu anabaki anajiuliza kama sayari kweli itatoka kwenye njia yake au ni karatasi inadanganya. Lindstedt akaja miaka ya 1880 na mbinu ya kuuachia mdundo wenyewe uwe na ε ndani yake, kisha unauchagua ili ile −(3/4)cos t ifutike upande wa kulia, Poincaré akaiwekea misingi. Kwa Neema mbinu hiyo inatoa w = 3/8 kwa mistari mitatu.

Ila mimi bado nafundisha ya kawaida kwanza. Mtu ambaye hajawahi kuiona t sin t ikimharibia jibu hataelewa kwa nini anaambiwa aufungue mdundo.

kaka_hesabu:
Mimi bado nina duku duku moja. Kama oda ya kwanza inaharibika baada ya t = 10, si twende oda ya pili, ya tatu, tuongeze temu mpaka itulie? Msururu ukiwa mrefu jibu linakuwa bora siku zote.

Mzee_wa_Mawimbi:
Nusu ya hilo ni kweli. Ukishika t moja, tuseme t = 10, ukaongeza oda, jibu la pale t = 10 litaboreka. Lakini oda ya pili inakuja na t² ndani, ya tatu na t³, ni ule ule mkunjuo wa cos ukiendelea. Kwa hiyo unasogeza mpaka mbele kidogo, na ukishaupita mpaka jibu linapaa vibaya kuliko mwanzo. Hakuna oda yoyote itakayokupa formula ya kutumia siku nzima.

kaka_hesabu:
Lakini basi huwezi kusema msururu ni mbovu. Kila t ina idadi yake ya temu zinazotosha, mradi ε iwe ndogo vya kutosha.

Mzee_wa_Mawimbi:
Sikusema ni mbovu. Nasema hauko sawa kwa t zote kwa pamoja. Tukubaliane hapo.

mwalimu_wa_maabara:
Shikamoo mzee, salamu wote. Mimi nafundisha fizikia sekondari na nataka kuishusha hii mezani maana Neema anaweza kuiona kwa macho. Springi za chuma za kawaida ukizivuta wima kyubu yake ni ndogo mno hutaipata. Lakini chukua springi mbili zinazofanana, funga kigari kidogo katikati, zivute kidogo upande huu na huu ukazifunge kwenye nguzo, halafu kivute kigari KWA UBAVU, siyo kwa mstari wa springi. Kyubu inatokea yenyewe kwa jiometri, hata kama kila springi ni ya kawaida kabisa.

Tuseme kila springi ikiwa imelala ina urefu L₀ na ukishaifunga ina urefu L. Ukisogeza kigari x kwa ubavu, nguvu ya kukirudisha ni

2kx(1 − L₀/√(L² + x²)) ≈ 2k(1 − L₀/L)x + (kL₀/L³)x³

Ukisafisha vipimo, ukiita A umbali ulioivuta mwanzoni, ε inatoka

ε = L₀A² / (2L²(L − L₀))

Kwangu L₀ ni sentimita 20, L ni 25, A ni 5. Weka: ε = 0.08. Mdundo unapanda 3/8 ya hiyo, yaani asilimia 3. Angalia kwamba k na uzito wa kigari vimejifuta vyote, sihitaji hata mizani. Na angalia A² hapo juu! Ukiivuta sentimita 2.5 badala ya 5, ε inashuka mara nne mpaka 0.02. Wanafunzi wengi wanadhani ε ni tabia ya springi imeandikwa kiwandani, kumbe mkono wako ndio unaiamua.

neema_wa_tatu:
Mwalimu hii nimeipenda sana. Kwa hiyo nikihesabu mitikisiko ishirini ya ile ndogo kabisa, muda uleule ile kubwa itakuwa imefanya 20.6?

mwalimu_wa_maabara:
Ndiyo, kama hakuna msuguano. Nusu mtikisiko na zaidi, hiyo unaiona kwa stopwochi ya simu bila kifaa kingine. Na nusu mtikisiko maana yake kimoja kiko kulia kabisa wakati kingine kiko kushoto, ndipo utakapoelewa kwa nini formula yako ya t sin t imeshapotea njia zamani.

Tahadhari moja. Usizifunge springi zikiwa zimelegea, yaani L karibu sawa na L₀. Ukiweka L = 21 kwa namba zangu ε inaruka mpaka 0.57 na hesabu yote ya "kidogo" imekwisha hapo. Na ukiweka L = L₀ kabisa, ile temu ya x tupu inatoweka, inabaki x³ peke yake, hakuna x₀ = cos t ya kuanzia. Hapo patabesheni hii haina mlango wa kuingilia.

pemba_star:
Assalaam alaykum. Nimesoma uzi wote mpaka hapa, mashaallah. Mimi nauliza kuhusu msuguano maana kigari cha mwalimu hakiwezi kutikisika milele. Kikififia, A inapungua, kwa hiyo ε inapungua nayo, kwa hiyo ile tofauti ya saa si itaacha kukua? Basi labda formula ya kawaida inapona yenyewe kwenye vitu halisi?

Mzee_wa_Mawimbi:
Wa alaykum salaam. Umegusa pazuri. Tuseme ukubwa unafifia kama e^(−μt). Mdundo wa ziada kila wakati ni (3/8)ε × e^(−2μt), kwa sababu unafuata ukubwa kipeo cha pili. Ukijumlisha toka mwanzo mpaka mwisho wa dunia, saa inatangulia jumla ya 3ε/(16μ), halafu basi, haiongezeki tena. Na kwenye hesabu ya oda ya kwanza inaonekana pia, kulia unapata e^(−3μt) wakati kushoto kunataka e^(−μt), havilingani, kwa hiyo t sin t haizaliwi kabisa.

Lakini usishangilie bado. Hiyo 3ε/(16μ) lazima iwe ndogo ndipo formula ipone, na hiyo inataka ε iwe ndogo kuliko μ kwa kiasi kikubwa. Chukua ε = 0.08 na kigari kizuri chenye μ = 0.005: unapata 3, hiyo ni karibu nusu mtikisiko, formula imeanguka kama kawaida ingawa msuguano upo. Msuguano mkubwa unakuokoa, mdogo haukuokoi.

pemba_star:
Ahsante. Na msuguano wa magurudumu si ule wa e^(−μt), ule ni wa kiasi kimoja tu bila kujali spidi, ukubwa unapungua kwa mstari. Hapo inakuwaje?

Mzee_wa_Mawimbi:
Kweli, na kigari cha mwalimu pengine kina vyote viwili. Kwa msuguano mkavu peke yake kigari kinasimama kabisa baada ya muda fulani kwa hiyo jumla ina mwisho, hilo halina shida. Vikichanganyika, sitaki kukupa namba toka kichwani, inabidi mtu akae aihesabu.

mwalimu_wa_maabara:
Vyangu nina video ya simu ya mitikisiko thelathini hivi. Ukubwa ulianza sentimita 5 ukafika 3 na kidogo mwishoni. Nikiipima tena nitaweka namba za kila kilele hapa mtu wa Thika aifiti.

mtu_wa_Thika:
Ziweke mwalimu, nitaweka msuguano wa aina mbili kwenye ile code na tuone gani inashika.

kaka_hesabu:
Nami niulize la mwisho, pendulamu je? Nakumbuka sin θ ≈ θ − θ³/6, hiyo si kyubu pia?

Mzee_wa_Mawimbi:
Ni hiyo hiyo, ε ni −A²/6 na A ni pembe ya kuanzia kwa redia. Alama imegeuka kwa hiyo saa inachelewa: mdundo unakuwa 1 − A²/16. Ukiiachia digrii 30, A ni 0.52, kila bembea inachukua muda mrefu zaidi kwa asilimia 1.7. Ila angalia hoja yangu ya nishati, nilisema kila temu ni chanya kwa ε chanya. Hapa siyo. Kwa pembe ndogo bado imefungwa, lakini ile ekwesheni iliyokatwa θ − θ³/6 ukiianzishia mbali vya kutosha inakimbia moja kwa moja hairudi, na huko siyo patabesheni inayodanganya, ni ekwesheni yenyewe.

neema_wa_tatu:
Nimeandika jibu na t sin t kama swali lilivyotaka, na chini yake nimeongeza mstari kwamba linafaa t ikiwa ndogo mno kuliko 1/ε, na kwamba temu ile ni mdundo uliopanda kwa 3ε/8. Sijui kama msahihishaji ataupa maksi mstari wa chini au atasema nimetoka nje ya swali.

kaka_hesabu:
Acha uwepo. Mimi kwetu waliwahi kunikata kwa kuutoa.

fundi_pampu:
Mzee nimefanya ulivyosema leo mchana. Kupanda inaruka zaidi kwenye spidi ya juu, kushuka inaruka zaidi kwenye spidi ya chini, hazilingani, nimerudia mara tatu. Nafungua uzi.